Wasusi Wawili na Fremu Moja

Wanaokumbuka saluni za uswahilini Dar es Salaam katika miaka ya 1990 watakumbuka kwamba nyingi hazikuwa na mkataba, na sababu yake ilieleweka. Mtaji ulikuwa mikono. Wawili walikaa barazani kwa mmoja wao na mkeka, vitana na uzi, kila mmoja akasuka wateja wake na kupokea fedha yake. Wakigombana, mmoja aliondoka na kitana chake, na hapakuwa na cha kugawana. Hali ilibadilika saluni ilipohamia kwenye fremu. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, aliyekuwamo kabla akadai kilemba, zikaja draya, viti vya kuzunguka, vioo na masinki. Vitu hivyo havigawanyiki kwa kukata katikati, na hapo ndipo ushirika usio na mkataba ulipoanza kuelemewa. Hoja yangu ni kwamba wabia wa saluni wanapaswa kuandika kifungu cha kuachana kabla ya vingine vyote, kwa kuwa ndicho kinachowalazimisha kuandika sawasawa mtaji na majukumu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpambaji wa maharusi analeta shilingi milioni 7, na msusi analeta milioni 3 pamoja na wateja wake wa miaka mingi. Wakinyamaza, sheria ya ubia, ambayo kwa Tanzania Bara imo ndani ya Sheria ya Mikataba, inawajazia pengo: wabia hugawana sawa mtaji na faida, hubeba hasara sawa, na hakuna anayestahili mshahara kwa kufanya kazi ya ubia. Kanuni hiyo inaweza kumwonea kila mmoja kwa wakati wake. Leo inamwumiza msusi anayesimama tangu asubuhi hadi usiku ilhali mwenzake huja Ijumaa na Jumamosi. Kesho itamwumiza aliyetoa milioni 7. Dawa yake ni kutenganisha malipo ya kazi na faida ya mtaji. Tuseme mwezi umeingiza 2,400,000, na kodi, umeme, dawa za nywele na msaidizi vimekula 1,000,000. Katika 1,400,000 iliyobaki, msusi alipwe kwanza 600,000 na mpambaji 300,000 kwa kazi zao, kisha 500,000 ya mwisho igawanywe kwa uwiano wa mtaji: 350,000 kwa mpambaji, 150,000 kwa msusi. Msusi anapata 750,000 na mpambaji 650,000, na kila mmoja anajua kwa nini.

Sasa msusi anataka kuondoka baada ya miaka miwili. Vifaa vilinunuliwa kwa milioni 5, na mkataba ulisema vinapungua moja ya tano ya bei ya kununulia kila mwaka. Vimebaki milioni 3. Kodi iliyolipwa bila kutumika ni 600,000, dawa rafuni 400,000, madeni 500,000. Thamani halisi ni 3,500,000, na fungu lake la asilimia 30 ni 1,050,000. Kilemba hakimo kwenye hesabu, maana hakuna uhakika kwamba kitarudi. Aondokaye atoe taarifa ya miezi mitatu, naye abakiye alipe kwa awamu zilizotajwa tarehe, kwani saluni inayolazimishwa kulipa kwa siku moja huuza draya zake kwa bei ya kutupa. Wadai nao, hasa muuza dawa kwa mkopo, waarifiwe kwa maandishi. Wasipoarifiwa, aliyetoka anaweza kudaiwa hata mkopo uliochukuliwa baada yake.

Wapo wanaosema kwamba kuzungumzia kuachana siku ya kuanza ni kujitakia mkosi, tena ni kutoaminiana. Naiheshimu hofu hiyo, lakini ugomvi si sababu pekee ya kuachana. Mtu huolewa mkoa mwingine, huugua, hufariki. Na mbia akifa bila mkataba kusema vinginevyo, ubia wenyewe huvunjika, na anayekuja kuuliza fungu lake ni kaka wa marehemu asiyejua bei ya kiti. Pingamizi la wateja ni gumu zaidi: mteja hufuata mkono wa msusi wake, na hakuna karatasi itakayomzuia. Hilo ni kweli, ndiyo maana sioni faida ya kumkataza msusi kufungua saluni tena. Kinachoweza kuandikwa ni jina la saluni, namba ya simu ya biashara na lipa namba: vibaki na nani. Namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mbia mmoja huondoka naye, pamoja na oda zote za maharusi.

Kwa hiyo ninyi mnaotafuta fremu sasa, andikeni kifungu cha kuachana kabla ya kumlipa mwenye nyumba, na risiti ya kila kifaa iwe na jina la aliyekinunua.