Hesabu ya Dumu Moja la Maji: Kosa Langu Kisimani

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo siandiki habari ya mahindi wala kuku. Naandika kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu wengi mnaoniuliza bei ya maji ya kisima mnakaribia kulirudia.

Kikundi kimoja katika eneo langu la kazi, huku kanda ya kati kwenye ukame, kilipewa kisima kirefu, pampu ya kuzama, jenereta la dizeli na tenki la lita 5,000. Wakaniita niwasaidie kupanga bei. Nikachukua kalamu, nikahesabu mafuta na posho ya mhudumu, nikawaambia: uzeni dumu la lita 20 kwa shilingi 50. Wakapiga makofi. Mwaka wa kwanza kitabu kilikaa sawa, wa pili vilevile. Mwaka wa tatu, mwezi wa tisa jua likiwa kali, mota ya pampu ikaungua. Mota mpya na pampu yake, pamoja na fundi wa kunyanyua mabomba, ilitakiwa shilingi 2,700,000. Sandukuni mlikuwa na 140,000.

Wiki tano watu walinunua maji ya bodaboda kwa shilingi 500 dumu. Mama mmoja mwenye ng'ombe wanne aliuza wawili kwa sababu hakuweza kuwanywesha. Hakunilaumu, lakini kila nikipita kwake nakumbuka ile kalamu yangu.

Tulipokaa tena chini ya mti, tulianza upya, safari hii kwa kupima badala ya kukisia.

Kwanza mafuta. Tulijaza tangi la jenereta mpaka mdomoni, tukawasha, tukajaza tenki la maji lote, kisha tukazima na kurudishia dizeli kwa jagi la lita moja. Ilichukua dakika 75 na lita 3. Kwa dizeli ya shilingi 3,000 kwa lita, tenki moja linakula shilingi 9,000. Hapa wengi hugawa kwa 250, maana lita 5,000 ni madumu 250. Lakini tulipohesabu madumu yaliyolipiwa kweli kwa wiki nzima, tenki moja lilitoa 225. Mengine yalimwagika, mengine yalioshea madumu, na dumu likijazwa mpaka shingoni hupita lita 20. Gawa kwa dumu lililolipiwa, siyo lililosukumwa. 9,000 kwa 225 ni shilingi 40.

Pili mhudumu. Anafungua asubuhi na jioni, mchana yuko shambani kwake, na analipwa 90,000 kwa mwezi. Mtego upo kwenye idadi ya madumu. Kiangazi wanauza 450 kwa siku, masika wanauza kama 90 tu, kwa sababu watu wanakinga maji ya mvua. Ukigawa mshahara kwa mauzo ya kiangazi utapata shilingi 7 kwa dumu, na masika utashindwa kumlipa. Kwa hiyo tulichukua mwaka mzima: miezi 7 ya kiangazi ni madumu 94,500, miezi 5 ya mvua ni 13,500, jumla 108,000. Mshahara wa mwaka ni 1,080,000. Basi ni shilingi 10 kwa dumu. Kila mwezi wa kiangazi zinabaki 45,000 juu ya mshahara, na hizo haziguswi, ndizo zinazomlipa mhudumu wakati wa mvua.

Arobaini na kumi ni hamsini. Mnaona sasa kwa nini kitabu changu cha zamani kilikaa sawa? Bei ililipa vyote vinavyodai kila siku. Isichokilipa ni kile kinachodai mara moja baada ya miaka, tena kinadai chote kwa mkupuo.

Hicho ndicho cha tatu, matengenezo. Madumu 108,000 ni matenki 480, na kila tenki ni saa moja na robo, yaani jenereta linafanya kazi saa 600 kwa mwaka. Tunabadilisha oili na chujio kila saa 100, mara sita kwa mwaka, kila mara 60,000. Hiyo ni 360,000. Koki, valvu na viungio vya bomba tukaviwekea 180,000. Jumla 540,000, shilingi 5 kwa dumu. Pampu ya 2,700,000 tukaipangia miaka mitano, ni 540,000 kwa mwaka, shilingi 5 nyingine. Jenereta la 3,240,000 kwa miaka sita, tena shilingi 5. Msiseme jenereta lilikuwa la msaada. Likifa, aliyelitoa harudi.

Kumbe bei ya kweli ilikuwa shilingi 65. Kila mwaka tulikuwa tunauza kwa hasara ya 1,620,000 bila kuiona.

Mkutanoni mzee mmoja alisimama akasema maji ni ya Mungu, kwa nini tuongeze bei? Mama wa ng'ombe akajibu akiwa amekaa: "Maji ni ya Mungu, baba, lakini dizeli tunainunua sisi." Ubishi ukaisha.

Likabaki tatizo la chenji, maana shilingi 65 hailipiki kwa sarafu. Tukatengeneza kadi ya 2,000 yenye visanduku 30. Kila dumu mhudumu anatoboa kisanduku kimoja. Hiyo ni karibu shilingi 67 kwa dumu. Asiye na kadi analipa 100. Kadi anauza mweka hazina, kwa hiyo mhudumu hashiki fedha nyingi. Kila mwisho wa mwezi, shilingi 15 kwa kila dumu lililouzwa zinapelekwa kwenye akaunti ya pekee, kabla ya matumizi mengine. Kama kisima chenu kiko chini ya chombo cha watumia maji, pelekeni hesabu hiyo kwao na RUWASA wilayani kabla ya kubandika bei.

Mwisho, daftari la mhudumu. Kila tenki anaandika dakika, lita za dizeli na madumu. Dakika zikibaki 75 lakini dizeli ikapanda toka lita 3 hadi 4, jenereta linahitaji fundi. Dakika zikipanda hadi 90, pampu imechoka, bomba linavuja, au maji yameshuka kisimani. Maji yakitoka kwa kukohoa na mapovu, zima hapo hapo. Mota ya kuzama hupozwa na maji, na ikikosa maji huungua. Ndivyo fundi alivyosema ile ya kwanza ilivyokufa. Na madumu yakipungua chini ya 225 kwa tenki wiki nzima, tafuteni uvujaji kwanza, kisha muulize mhudumu kwa adabu.

Namba zangu msizichukue kama zilivyo. Kisima chenu kina kina chake na jenereta lenu lina ulaji wake. Dizeli ikipanda shilingi 300, sisi tunaongeza shilingi 4 kwa dumu, tunapunguza visanduku vya kadi kutoka 30 hadi 28, tunabandika hesabu ukutani. Anayetaka kubisha anakuta jagi, saa na daftari pale pale kisimani.