Jibu la "Sawa"

Bibi mmoja wa usharika wetu hapa Laela aliacha kuja ibadani. Nikamtumia ujumbe wa simu: je, amekwenda hospitali, na nimletee Chakula cha Bwana nyumbani? Jibu lilikuja kesho yake jioni: "Sawa." Nikauliza tena habari za hospitali. Kimya. Nikajisemea, huyu ametuchoka. Wiki tatu sikwenda.

Nilipokwenda nilimkuta amekonda, anaanika maharage. Bibi hajui kusoma. Ujumbe wangu ulisomwa na mjukuu wake wa darasa la nne akitoka shule, na ndiye aliyejibu.

"Baba Mchungaji," akasema, "ningemwambiaje mtoto aandike kwamba nina uvimbe tumboni?"

Nikatazama tena simu. "Sawa" ilikuwa ya Chakula cha Bwana, alikuwa akiningoja. Swali moja tu lilirukwa, lile la hospitali. Aliyetuchoka angeyaruka yote. Anayeruka moja, huenda ndilo linalomuuma. Jumatatu tulipanda gari pamoja kwenda Sumbawanga.

Katika Mathayo 15, mwanamke Mkanaani alipomlilia Yesu, kwanza hakujibiwa. Wanafunzi waliona ukimya ule wakataka aondolewe. Yeye hakuuona kuwa mlango uliofungwa. Alisogea karibu zaidi, na binti yake akapona.

Wiki zile tatu nilisimama upande wa wanafunzi. Siku hizi swali la ugonjwa silitumi kwa simu. Nalipeleka kwa miguu.