Kesi Inavyoamuliwa Kabla ya Kusikilizwa

Wanaokumbuka mahakama za madai za Nairobi kabla ya mwaka 2010 wanakumbuka kesi za kuviziana. Karatasi muhimu zilikaa kwenye mkoba wa wakili hadi siku ya ushahidi, kisha zikatolewa mbele ya hakimu, na fundi aliyetoka Kariobangi bila wakili akaziona hapo kwa mara ya kwanza. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010 zilibadilisha hilo. Mdai alitakiwa aambatanishe na hati yake ya madai hati ya kiapo, orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa sahihi, na nakala za stakabadhi, barua ya kudai malipo ikiwemo. Mdaiwa naye alitakiwa aambatanishe na utetezi wake orodha ya mashahidi, maelezo yao na nakala za stakabadhi. Maoni yangu ni kwamba tangu hapo kesi ya mtu anayejitetea mwenyewe imekuwa ikishindwa au kushinda kwenye vikao vya maandalizi, vile ambavyo watu wengi wa mitaa ya Eastlands huvipuuza kwa kudhani kesi “inatajwa tu.”

Tuseme fundi wa vyuma wa Kariobangi anamdai mwenye ploti wa Umoja shilingi 1,400,000 za mageti na madirisha. Deni limepita milioni moja, kiwango cha juu cha Mahakama ya Madai Madogo, kwa hiyo anakwenda kwa hakimu kule Milimani. Siku 14 baada ya utetezi kumfikia, ikiwa hakuna majibu zaidi, hoja za maandishi zimefungwa. Agizo la 11 la kanuni zile lilitoa siku 10 za kujaza fomu ya maswali ya maandalizi na kumpa mpinzani nakala, na siku 30 za kuitishwa kikao. Hapo hakimu anauliza ni yapi yanabishaniwa na yapi yamekubaliwa, kisha anapanga ratiba. Mwenye ploti akikubali kwamba mageti yalifika na kubishania bei peke yake, fundi hahitaji tena kumtafuta dereva aliyeyabeba. Akikataa, lazima dereva awe ameshaandika maelezo na kuyatia sahihi, kwa sababu siku ya ushahidi maelezo hayo ndiyo huchukuliwa kuwa ushahidi wake mkuu, na kinachobaki ni kuhojiwa.

Penye kuteleza ni simu. Fundi wetu ana malipo ya awali kwenye M-Pesa na makubaliano ya bei kwenye WhatsApp, anayachapisha na kudhani yametosha. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka hati ya uthibitisho inayoeleza karatasi hizo zilitolewa vipi na kwa kifaa gani, na iliyotiwa sahihi na anayewajibika na kifaa hicho. Kuikosa kunampa mpinzani nafasi ya kupinga stakabadhi iliyobeba kesi yote. Mahali pa kulimaliza jambo hilo ni kwenye kikao cha maandalizi: aulize waziwazi ni stakabadhi zipi zinapingwa, jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama, na akigundua pengo aombe ruhusa ya kuongeza hati papo hapo. Ombi hilo likija asubuhi ya ushahidi huonekana kama kuvizia kule kule kulikokomeshwa.

Wapo wanaosema utaratibu huu unamnyima haki asiye na wakili, na wanashika Katiba, ibara ya 159(2)(d), inayotaka haki itendwe bila kushikilia mno ufundi wa kisheria. Malalamiko yao yana uzito. Fomu zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na tangu Julai 2020 kesi za Nairobi zinawasilishwa kwa mtandao, kwa hiyo wengi hulipia saiba. Lakini hatuwezi kuita ufundi mtupu ile haki ya mdaiwa kujua mapema anadaiwa kwa ushahidi gani, na haki hiyo hiyo ndiyo inayomlinda fundi dhidi ya wakili mjuzi. Wengine hujibu kwamba Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Nairobi mwaka 2021, imeondoa mzigo huu. Imepunguza fomu, kweli. Ila kesi yake inatakiwa imalizike ndani ya siku 60, kwa hiyo karatasi zisizokamilika mwanzoni hazina muda wa kukamilika baadaye.

Kutohudhuria ndiko kunakoumiza zaidi. Kikao cha kutajwa kwa kawaida hakiui kesi siku hiyo, ila maagizo hutolewa bila wewe, tarehe ya ushahidi inapangwa, nawe hujui. Siku hiyo ikifika mdaiwa akawepo na mdai hayupo, Agizo la 12 linaruhusu kesi itupwe. Bado anaweza kuomba irejeshwe, akieleza kwa kiapo sababu ya kukosa na kuambatanisha uthibitisho, tuseme karatasi ya hospitali yenye tarehe ile. Hakimu huangalia pia ameomba baada ya muda gani, na kila wiki anayoiacha ipite inampunguzia nafasi ya kusikilizwa.