Bei ya Leo, Iliyokuwa ya Aprili

Kwa wiki saba dashibodi yangu iliandika "imesasishwa leo" chini ya bei ya maharage iliyokwisha kupitwa. Maneno hayo niliyaandika mimi, na uongo wake ni wangu.

Kila alfajiri saa kumi na moja seva yangu ndogo hapa Bujumbura ilivuta faili la bei za masoko kutoka lango moja la data huria, kisha ikachora upya mistari ya maharage, mchele na unga wa muhogo. Akina mama wauza nafaka wa Buyenzi waliifungua kwenye simu kabla ya kuagiza mzigo kutoka Kirundo.

Kazi yote ya kuvuta ilikuwa mstari mmoja:

```
curl -fsL "$KIUNGO" -o bei.csv || cp bei_jana.csv bei.csv
```

Sehemu ya mwisho niliiongeza kwa sababu ya umeme. Ukikatika, au mtandao ukilegea, nilikuwa naamka na dashibodi tupu na simu za malalamiko. Nikasema: ikishindikana, tumia nakala ya jana. Kwa siku moja ni dawa nzuri. Ila sikuiwekea kikomo, kwa hiyo jana ilirithi juzi, juzi ikarithi wiki iliyopita. Na kwa kuwa `curl` niliinyamazisha na `cp` haikuandika chochote, `cron` haikuwa na maandishi yoyote ya kunitumia. Tarehe ya "imesasishwa" nayo niliichukua kwenye saa ya seva, si ndani ya faili.

Mwanzoni mwa Mei kiungo kilikufa. Lango lile linatumia CKAN, kama malango mengi ya namna yake, na humo kila faili lina kitambulisho chake kirefu cha herufi na tarakimu kinachokaa katikati ya anwani ya kupakulia. Mtunzaji akifungua ingizo lililopo na kupandisha faili jipya, kitambulisho kinabaki. Akilifuta na kuunda jingine, kinazaliwa kipya, na anwani ya zamani inajibu 404. Ndicho kilichotokea. Mtu aliyeingia kwa kivinjari asingegundua kitu: ukurasa wa seti ya data ulikuwa na jina lilelile, na faili la kupakua lipo. Aliyeachwa nje ni mimi niliyeshika anwani ya faili badala ya jina la seti.

Wakati mbaya kuliko wote, maana Juni ndipo maharage ya msimu wa Impeshi yanapoingia sokoni na bei kushuka. Dashibodi ilibaki na bei ya kabla ya mavuno. Mama mmoja alipotajiwa bei Kirundo, akalinganisha na yangu, akaona kheri imemwangukia, akachukua magunia mengi kuliko kawaida yake. Alipofika Buyenzi kila mtu alikuwa akiuza chini ya bei aliyonunulia.

Aliponipigia nilimjibu kwamba lango limebadilisha kiungo bila taarifa. Ni kweli, na bado nilikuwa najificha nyuma ya ukweli huo. Nilipofungua faili, tarehe kubwa kuliko zote kwenye safu ya tarehe ilikuwa ya mwisho wa Aprili. Kuiangalia kulinichukua nusu dakika. Ningeweza kuiangalia siku yoyote.

Sasa skripti haishiki anwani ya faili. Inauliza kwanza `package_show` kwa jina la seti, inatafuta ndani ya jibu faili lenye jina ninalolijua, na kuchukua anwani iliyoandikwa hapo asubuhi hiyo. Wakibadilisha hata jina la faili, inasimama na kunitumia ujumbe, haibahatishi. Nilijaribu kutegemea `metadata_modified` kujua kama data ni mpya, nikaacha: mtu akirekebisha tu maelezo ya seti, tarehe hiyo inasogea huku bei zikiwa zilezile. Ninachokiamini ni tarehe iliyo ndani ya safu. Bei zinatoka kila wiki, kwa hiyo ya karibuni ikipita siku 14, kisanduku chote kinakuwa chekundu na bei inafichwa. Nakala ya jana bado ipo, lakini inaruhusiwa mara 3 mfululizo tu.

Nilikwenda Buyenzi kumweleza yule mama, safari hii bila kulitaja lango. Alinisikiliza akipepeta maharage, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, ile namba niliyoiona ilikuwa ya siku gani?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, Mei nzima, akaingia Juni, akaendelea kupepeta.