KADI YA BIMA HAIFUNGI KIZAZI

Najua nimepotea, na walionitumia salamu za "vipi, umeolewa?" nimewasikia. Sijaolewa. Majaribio yalinibana, halafu nikakimbia nyumbani Lukuledi siku chache, na nimerudi na jambo ambalo limenikaa kifuani muda mrefu. Leo nalitoa.

Linamhusu mdogo wake mama, ambaye hapa nitamwita Mamdogo tu. Ameniruhusu niliandike, ila jina niliache, maana Lukuledi ni ndogo na maneno yana miguu.

Julai 2024 nilikuwa likizo baada ya kumaliza mwaka wa kwanza. Mamdogo alikuwa na miaka 38 na watoto wanne. Alikuwa anatumia sindano ya miezi 3, ile ambayo wengi wanaiita Depo, na alikuwa amechoka nayo kwa sababu damu ilikuwa inamtoka ovyo, leo matone, kesho hakuna, wiki ijayo tena. Ya mwisho alichoma Februari. Mwezi wa tano, tarehe ya kurudi ilipofika, hakwenda. Akanivuta nyuma ya nyumba akaniambia, "Mwanangu, mimi nimemaliza. Nataka kufunga kabisa. Wewe unasoma Baiolojia, niambie, inalipiwaje?"

Mimi bwana, kwa usomi wangu wote, nikamjibu kwa kujiamini kabisa. Kadi yake ya CHF ilikuwa imeisha. Nikamwambia asubiri hela ya korosho, alipie kadi 30,000, halafu aende hospitali afungwe kwa kadi. Niliona upasuaji ni kitu cha bei kubwa, na kwangu bima ndiyo dawa ya kitu cha bei kubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipa 50,400 za bima ya wanafunzi, nikang'olewa jino bila kutoa senti. Nikadhani kadi zote na huduma zote ni hivyo hivyo.

Mamdogo akasubiri. Kwetu hela ya korosho huanza kuingia mwezi wa kumi na kumi na moja, mnada ukienda vizuri. Novemba akalipia kadi. Ila wakati huo alikuwa anasikia kichefuchefu asubuhi. Julai 2025 akajifungua mtoto wa tano.

Sasa nieleze nilipokosea, maana nimegundua hata hapa chuoni wengi tunafikiri kama nilivyofikiri mimi.

Kosa la kwanza ni la fedha. Tanzania huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali ni bure. Si bure kwa mwenye kadi, ni bure kwa kila mtu. Vidonge vya majira, kondomu, sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi, hata kufunga kizazi. Dawa na vifaa hununuliwa na serikali pamoja na wafadhili, vinapita Bohari ya Dawa, vinashuka mpaka zahanati. Nesi akikuwekea kijiti haandiki bili ya kupeleka kwa mfuko wa bima, kwa sababu hakuna bei ya kudai. Ndiyo maana ukiuliza kama bima inalipia uzazi wa mpango, mara nyingi jibu ni hapana, na hiyo "hapana" inatisha mtu bure. Haina maana kwamba mlango umefungwa. Maana yake ni kwamba mlango huo hauna kufuli la kadi.

Kwa hiyo Mamdogo angeweza kwenda Julai ile ile, bila kadi, bila korosho. Mimi ndiye niliyemsimamisha kwenye foleni ambayo haipo.

Kosa la pili ni la Baiolojia, na hili linaniuma zaidi. Sikumuuliza, "Na wakati unasubiri, unatumia nini?" Yeye aliamini dawa bado iko kwenye damu. Kuna ukweli ndani yake. Baada ya kuacha sindano hiyo wanawake wengi hukawia kushika mimba, wengine hata mwaka. Lakini kukawia si kinga. Sindano inahesabiwa miezi 3, na ukichelewa bado unaweza kuchomwa mpaka wiki 4 baada ya tarehe yako. Ukipita hapo, inabidi kwanza wahakikishe huna mimba. Mamdogo alikuwa amepita zamani. Nilitakiwa kumwambia aende zahanati kesho yake, apate njia ya kumshikilia, kijiti au hata kondomu, ndipo tuongee habari ya kufunga. Anayesubiri kufunga kizazi bado ana kizazi kilicho wazi.

Alipojifungua alikuwa bado na nia ile ile. Kuna nafasi nzuri ambayo watu hawaijui, kwamba mwanamke anaweza kufungwa ndani ya siku 7 baada ya kujifungua, wakati kizazi bado kiko juu na mirija inafikika kwa urahisi. Ikipita hiyo, anasubiri mpaka wiki 6. Alipojifungulia hakukuwa na mtu wa kazi hiyo, basi ikawa wiki 6. Hapo ndipo utaona tofauti ya vituo. Zahanati itakupa sindano na vijiti, lakini kufunga kunataka chumba cha upasuaji na watu waliofundishwa. Na huku kwetu kuna hospitali za misheni nyingi za kutegemewa, ila ukumbuke kwamba Kanisa Katoliki halikubali kufunga kizazi, kwa hiyo hospitali zake hazifanyi, uwe na kadi au usiwe nayo. Usiende huko ukarudi na hasira, uliza kabla ya kupanda gari.

Kituo cha kwanza alichokwenda alirudishwa. Aliambiwa alete saini ya mume. Jamani, miongozo ya taifa haidai hiyo. Fomu ya ridhaa inasainiwa na mwenye mwili, baada ya kuelezwa kwamba ni njia ya kudumu na kwamba anaweza kubadili mawazo hata akiwa ameshafika mlango wa chumba cha upasuaji. Mume wake wala hakuwa na tatizo. Aliyekuwa na neno ni mjomba, maana kwetu Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akasema, "Unaufunga ukoo?" Mamdogo akamjibu kwa heshima zote, "Mjomba, ukoo nimeuongezea watano. Wengine watazaa dada zangu." Mzee akacheka, yakaisha.

Septemba 2025 alikwenda hospitali ya serikali na mimi nikamsindikiza. Walimhoji, wakampima presha na damu, wakahakikisha hana mimba nyingine, akasaini. Upasuaji wenyewe si kama nilivyoufikiria. Hawakumlaza usingizi. Walimchoma ganzi chini ya tumbo, juu kidogo ya mstari wa nywele, wakapasua kamstari kafupi ambako kidole kinaweza kukafunika, wakauvuta kila mrija, wakaufunga na kukata kipande. Kama nusu saa hivi. Alikuwa anaongea na nesi muda wote. Saa chache baadaye tulikuwa kwenye gari la kurudi. Kinga inaanza pale pale. Hedhi inaendelea kama kawaida, hamu ya tendo haiondoki. Kinachokatwa ni njia ya yai kukutana na mbegu, basi.

Hesabu ya siku ile: huduma, sifuri. Nauli yetu wawili kwenda na kurudi, 16,000. Chai na wali, 5,000. Siku za kutokwenda shamba, wiki nzima, kwani haruhusiwi kubeba ndoo. Hiyo ndiyo bei ya kitu cha bure, na hakuna kadi inayoilipa.

Halafu siku ya nne kidonda kikaanza kutoa maji na joto likapanda. Hapo ndipo kadi ya CHF ikafanya kazi! Alipokwenda na homa, alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine, akaonwa, akapata dawa kwa kadi, siku chache akawa mzima. Huo ndio mpaka wenyewe. Kinga ya mimba inatoka mfuko wa umma, ugonjwa unaotokea baadaye unatoka mfuko wa bima. Na nimwambie kila aliyefungwa, ukikosa hedhi na tumbo likauma upande mmoja chini, usisubiri. Ni mara chache sana njia hii kushindwa, ila ikishindwa mimba inaweza kukaa kwenye mrija, na hiyo inaua.

Baba mdogo naye nilimuuliza, kwa mzaha kidogo, kwa nini asingefunga yeye. Ya mwanaume ni nyepesi zaidi, tundu dogo kwenye ngozi ya korodani, ganzi, dakika chache, na nguvu zinabaki. Ila haianzi siku hiyo. Lazima wasubiri miezi 3 wakitumia kinga nyingine, halafu mbegu zipimwe. Aliangalia dari, akaulizia mpira umeishaje.

Jambo moja bado linanitia wasiwasi. Hiyo bure ina mlipaji. Marekani ilikuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa vifaa hivi duniani, na Julai 2025, mwezi ule ule aliozaliwa mdogo wangu, USAID ilifungwa. Vifaa vikikosekana zahanati, mtu anaambiwa akanunue dukani, na dukani ndiko utakapogundua kwamba kadi yako haiijui sindano ile. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Basi ukipewa kadi yoyote, usiulize tu "inalipia nini." Uliza pia, "Isicholipia, nani anakilipia, na leo kipo?"

Juzi nilipokuwa Lukuledi nilimwomba msamaha Mamdogo. Alikuwa anakoroga uji, mtoto yuko mgongoni kwangu. CHF yake ilikuwa inahesabu watu 6: yeye, mume na watoto wanne. Akaniangalia akasema, "Kadi inajua watu sita. Wewe umeniletea wa saba." Akacheka. Mimi nilicheka nusu.

Mtoto mwenyewe ni mzuri ajabu, akinishika pua haachii. Simjutii hata kidogo. Ninachojutia ni jibu langu la nyuma ya nyumba, kwamba niliulizwa nikiwa sijui, na badala ya kusema "ngoja nikaulize kliniki" nikajibu kama mwalimu.

Wiki ijayo Mungu akijalia nitawaandikia habari za mazoezi ya kufundisha. Tubaki salama.