Kuchagua Maswali Matatu: Hesabu Alama Kabla ya Kuandika

Nimesahihisha karatasi za fasihi kwa miaka mingi, na huweza kumtambua mtahiniwa aliyechagua vibaya hata kabla ya kusoma hoja zake. Swali lake la kwanza limejaza kurasa tatu. La pili lina ukurasa mmoja na nusu uliopigwa mstari, kisha swali jingine limeanzwa chini yake. La tatu lina mistari michache ya haraka. Mara nyingi mwanafunzi huyo anavijua vitabu vyake. Alichokosa ni dakika tano za kuhesabu.

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, unajibu maswali manne kwa saa mbili na nusu, kila swali alama 20. Swali la kwanza ni la lazima. Yale mengine matatu unayachagua kutoka sehemu nne zilizobaki, na huruhusiwi kujibu mawili kutoka sehemu moja. Darasani mimi hutoa zoezi la kuchagua peke yake: maswali matano, moja kutoka kila sehemu, na mwanafunzi ajibu matatu kwa muda wa saa moja na dakika 50.

Wengi huchagua kwa kupenda. Wanasema, "Mwalimu, mimi ni mtu wa tamthilia," na kalamu inaanza. Lakini hutuzwi alama kwa kukipenda kitabu. Unatuzwa kwa hoja unazoweza kuzithibitisha katika swali lililo mbele yako. Kila swali lina alama 20, kwa hivyo tofauti iko ndani: alama hizo zimegawanywaje, na wewe unaweza kupata ngapi katika kila kipengele?

Kanuni ninayowapa ni rahisi. Katika swali la insha, hoja moja kamili kwa kawaida huwa na alama 2: moja ya kuitaja hoja, moja ya kuithibitisha kwa tukio la kitabuni. Alama 20 basi ni hoja kumi. Katika swali la dondoo, alama 4 za muktadha huhitaji msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo. Ukiulizwa sifa sita kwa alama 12, kila sifa ina alama 2, na sifa isiyo na mfano itapata nusu.

Tuchukue mfano wa msichana mmoja wa Kidato cha Nne. Maswali yake matano yalikuwa hivi. Riwaya, *Nguu za Jadi*: dondoo lenye muktadha (4), tamathali mbili za usemi (4) na sifa sita za msemaji (12). Tamthilia, *Bembea ya Maisha*: jadili nafasi ya mwanamke (20). Hadithi fupi: maudhui katika hadithi mbili tofauti, 10 kwa kila moja. Ushairi: dhamira (2), nafsineni (2), tamathali (4), idhini ya mshairi (3), muundo (5) na lugha nathari (4). Fasihi simulizi: maana ya miviga (2), sifa nne (8) na udhaifu wa aina tano (10).

Alitaka kujibu tamthilia, hadithi fupi na riwaya. Nilimwambia asiandike jibu lolote kwanza. Pembeni mwa kila kipengele aandike neno moja kwa kila hoja aliyo nayo, na neno hilo liwe la tukio au mhusika. Hoja isiyopata neno ihesabiwe nusu.

Katika tamthilia aliorodhesha hoja kumi, akafurahi. Tulipozisoma tena, tatu zilikuwa marudio. "Sara ni mlezi" na "Sara anawajali wanawe" zinathibitishwa kwa matukio yaleyale, na msahihishaji atazituza kama hoja moja. Zikabaki saba. Nne zilikuwa na tukio, kama vile Neema kushughulikia matibabu ya mama yake. Tatu hazikuwa nalo. Nne mara 2 ni 8, ukiongeza 3 ni 11.

Katika riwaya alijua msemaji, msemewa na mahali, lakini si sababu: alama 3. Tamathali zote mbili alizitambua na kuzieleza: 4. Sifa nne zenye mifano: 8. Jumla 15. Katika hadithi fupi, ile ya kwanza angepata 8, lakini ya pili hakuwa ameisoma. Jumla ikabaki 8, hata angeandika kwa ufasaha namna gani.

Ushairi alikuwa ameuruka bila kuusoma. Alipousoma, alipata 2 za dhamira, 1 ya nafsineni, 4 za tamathali, 2 za idhini, 5 zote za muundo kwa sababu kuhesabu mishororo, vina na mizani hakuhitaji kukumbuka kitabu, na 2 za lugha nathari. Jumla 16. Fasihi simulizi ikampa 2, kisha 6, kisha 4: jumla 12.

Chaguo lake la kwanza lingempa 11, 8 na 15, yaani 34 kwa 60. Ushairi, riwaya na fasihi simulizi zilimpa 16, 15 na 12, yaani 43. Alama tisa zilitoka kwenye chaguo tu, bila kujifunza jambo jipya.

Utauliza kuhusu tamthilia na fasihi simulizi, 11 kwa 12. Makadirio yanapokaribiana hivyo, tazama ni swali gani linaloweza kuongezeka ukiwa unaandika. Udhaifu wa miviga unaweza kuufikiria hapo hapo: gharama, madhara kwa afya, muda wa masomo unaopotea. Tukio la tamthilia ambalo hukulisoma huwezi kulibuni. Lakini ikiwa ulikisoma kitabu vizuri na umesahau kidogo tu, insha nayo hukua, kwa sababu tukio moja hukumbusha jingine. Hapo unahitaji kujijua.

Hesabu hii ina mipaka yake. Ni makadirio, na anayejihurumia atajipa alama asizo nazo. Ndiyo maana nasisitiza lile neno moja la ushahidi. Pia usitumie zaidi ya dakika tano. Gawa dakika 150 kwa maswali manne, utapata kama 37 kwa kila moja, na dakika ya kuchagua imetoka humo. Ukishachagua, anza na lenye jumla kubwa, na muda wake ukiisha hamia jingine. Hoja mbili za mwanzo katika swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko hoja ya kumi katika swali la zamani.

Neno la mwisho ni kwa wanaosema, "Mimi ushairi nimeuacha." Karatasi inakuruhusu kuacha sehemu moja tu. Ukiiacha mwezi wa pili, umeshatumia nafasi yako ya kuchagua kabla ya kuliona swali. Na swali la lazima linaweza kutoka sehemu yoyote. Likitoka katika ile uliyoiacha, utaanza mtihani kwa alama 20 usizoziweza. Soma sehemu zote tano, kisha uchague ndani ya chumba cha mtihani, penseli mkononi.