Sijibu picha ya uyoga, na hii ndiyo sababu

Tangu mvua ianze, inboksi yangu imejaa picha za uyoga. "Bro, huu unalika?" Jibu langu ni moja kwa wote: sijui. Na yeyote anayekuambia uko salama kwa kuangalia picha tu, awe mtu au programu ya simu, usimwamini.

Wacha niwaonyeshe kwa mfano mmoja. Wengi wetu tumekula uyoga wa kichuguu, ule unaoota mchwa wanapoishi. Sasa kuna mwingine unaitwa Chlorophyllum molybdites, unaopenda kuota kwa nyasi. Wote wana kofia pana, nyeupenyeupe, yenye kahawia katikati. Ukiwapiga picha kutoka juu, ni kama mapacha. Lakini huu wa nyasi ukiula, baada ya masaa 1 hadi 3 unatapika na kuharisha mpaka unawekewa dripu.

Tofauti ziko mahali kamera haifiki. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa, na ukiung'oa haraka, mzizi unakatikia chini. Kwa picha huuoni. Tofauti ya pili ni rangi ya unga wake. Unakata kofia, unailaza juu ya karatasi nyeupe, unaifunika na bakuli usiku kucha. Wa kichuguu unaacha unga wa waridi hafifu, ule mwingine unaacha wa kijani. Na usiseme basi utapiga picha chini ya kofia, kwa sababu ukiwa bado mchanga, huko chini pia ni kweupe. Kijani kinakuja baadaye.

Na unga kukosa kijani bado si ruhusa ya kula. Kuna Amanita phalloides, unga wake ni mweupe, na mmoja tu unaweza kuua mtu mzima. Alama yake ni kifuko kwenye kitako cha shina, na mara nyingi kimefukiwa na udongo. Kuupika hakuondoi sumu. Unakaa masaa 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, bila kuhisi kitu. Halafu unatapika na kuharisha, kisha unapata nafuu, unadhani imeisha. Kumbe ini ndilo linaharibika.

Nyanya anayechuma kwa kichuguu kilekile kila msimu hatumii picha. Anajua mahali, anachimba, anaushika, anaugeuza. Akiwa na shaka anautupa, na hakuna mtu hulala njaa kwa sababu ya uyoga mmoja.

Kama umeshakula na una wasiwasi, usinitumie picha. Enda hospitali sasa, hata kama unajisikia poa, na ubebe mabaki ya huo uyoga. Wakiuona mkononi, angalau wana kitu cha kuanzia.